Kamusi Mbili za Mwaka 1990: Hadhi, Umbo na Hatima ya Istilahi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, ndugu wanafunzi na wageni waalikwa,

Mwaka 1969 mwanaisimu Heinz Kloss alipendekeza tuitenganishe kazi ya kupanga lugha katika sehemu mbili. Ya kwanza ni kupanga hadhi ya lugha, yaani kuamua lugha ipi itumike bungeni, mahakamani, darasani na katika ofisi za umma. Ya pili ni kupanga umbo lake, yaani kushughulikia lugha yenyewe kwa ndani: tahajia, sarufi, kamusi na istilahi. Sehemu ya kwanza huamuliwa na wenye mamlaka, mara nyingi watu wasio wanaisimu kabisa, na ya pili huachiwa wataalamu. Mgawanyo huo umetufaa sana, lakini umetuachia pia dhana moja ambayo nataka niipinge leo, kwamba umbo hutangulia na hadhi hufuata. Kwamba lugha hukaa kwanza karakanani, ikaundiwa maneno yote inayoyahitaji, kisha ndipo inapopewa kazi. Nitaipinga kwa kutumia Tanzania, kwa sababu huko kulitokea jambo ambalo mtafiti asingeweza kulipanga kwa makusudi.

Mnakumbuka mazingira yenyewe. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria ya Bunge. Upande wa utafiti, kazi ya ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilirithiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la TUKI. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, maarufu kwa jina la Tume ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia shule za sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na sekondari ikabaki na Kiingereza.

Katikati ya hali hiyo, mwaka 1990, TUKI ilichapisha kamusi mbili za istilahi. Moja ilikuwa ya isimu na lugha, na nyingine ilikuwa ya biolojia, fizikia na kemia. Zilitoka taasisi moja, mwaka mmoja, zikiwa zimeundwa kwa mbinu zilezile. Hatima zake hazikufanana hata kidogo.

Kabla ya kueleza hatima hizo, inafaa tuone istilahi inavyoundwa, maana watu hudhani kwamba wataalamu huketi mezani na kubuni sauti. Kazi huanza na dhana, wala si neno. Chukueni fizikia. Katika mazungumzo ya kawaida neno nguvu linatosha kwa mengi: mtu ana nguvu, umeme una nguvu, dawa ina nguvu. Mwanafizikia hawezi kuvumilia hali hiyo, kwa sababu kwake kile kinachosukuma au kuvuta kitu si sawa na uwezo wa kufanya kazi uliohifadhiwa ndani ya kitu, na ukivitaja viwili hivyo kwa jina moja hesabu zako zitaharibika. Kwa hiyo muundaji wa istilahi hupanga kwanza dhana zote za ukoo huo pamoja, akabainisha mipaka yake, ndipo atafute majina. Kwa kile kinachosukuma lilichukuliwa kani, neno la siku nyingi ambalo maana yake ya nguvu na ushupavu ilibanwa ikawa ya kitaalamu. Kwa ule uwezo uliohifadhiwa ikaja nishati, yenye asili ya Kiarabu. Vivyo hivyo ilibidi kutenganisha uzito, ambao hupungua ukikipeleka kitu mwezini, na kiasi cha maada kilichomo katika kitu hicho, ambacho hakibadiliki popote kinapokwenda. Hicho cha pili kikapewa jina la tungamo, kutokana na kitenzi kutungama. Mtaona kwamba katika mfano huu mdogo tu tumekutana na mbinu tatu: kubana au kupanua maana ya neno lililopo, kukopa, na kunyambua.

Mbinu ya nne ni kuambatanisha. Usanisinuru ni mfano mzuri, kwa sababu mzigo wa maana umegawanywa sawasawa kati ya usanisi na nuru, na anayeyajua maneno hayo mawili anakisia sehemu kubwa ya dhana kabla hajasoma fasili. Ni istilahi ninayoipenda, na nakiri kwamba sababu mojawapo ni kuwa inatamkika vizuri.

Shida hujitokeza pale neno linapochaguliwa peke yake bila kutazama ndugu zake. Magazeti yetu yamezoea hewa ukaa, hasa katika habari za mabadiliko ya tabianchi na biashara ya kaboni. Kwa msomaji wa kawaida ni jina zuri, la Kiswahili na rahisi kukumbuka. Lakini mpe mwalimu wa kemia. Kesho atafundisha gesi nyingine yenye kaboni na oksijeni, ile yenye sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na hewa ukaa haitamsaidia kuiita, kwa sababu jina hilo halibebi idadi ya atomi. Kaboni dioksidi na kaboni monoksidi, ingawa ni maneno ya kukopa, huonyesha tofauti hiyo ndani ya umbo lake, na huendana na alama za kikemia ambazo dunia nzima huziandika. Ndiyo maana wanakemia wa lugha nyingi hukopa majina ya elementi na misombo yake bila kuona haya. Kipimo cha istilahi ni kama inazaa: je, unaweza kuunda kutokana nayo kitenzi, kivumishi, na majina ya dhana jirani? Isiyozaa huachwa haraka, hata kama ni tamu.

Sasa turudi kwenye kamusi zetu mbili. Istilahi za isimu ziliishi. Fonimu, mofimu, kiambishi, kirai, kishazi, kiima na isimujamii husemwa leo na wanafunzi wa sekondari wa Tanzania na Kenya ambao hawajawahi kuiona kamusi ile. Sababu haiko mbali. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilifundisha Kiswahili kwa Kiswahili, na kwa hiyo mhadhiri alilazimika kuzitamka istilahi hizo kila wiki, mwanafunzi akalazimika kuziandika katika mtihani, na mhitimu akaenda nazo darasani alipopangiwa kufundisha. Njiani baadhi zilikataliwa na nyingine zikarekebishwa. Kwa muda mrefu vitabu vya sarufi viliyumba kati ya jina na nomino, na walimu walibishana juu ya ngeli: zipangwe kwa viambishi vya nomino zenyewe au kwa upatanisho wa kisarufi. Ubishi wa namna hiyo ni dalili ya uhai, kwa kuwa watu hawabishani juu ya neno wasilolitumia.

Za sayansi zilikuwa na safari nyingine. Kamusi ilipotoka, fizikia ya kidato cha kwanza hadi chuo kikuu ilikuwa ikifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwalimu alikuwa na tungamo rafuni, lakini hakuwa na swali la mtihani lenye tungamo, wala kitabu cha kiada, wala mwenzake wa kubishana naye. Wapo wanaosema kwamba istilahi hizo zilikufa kwa kuwa zilikuwa ngumu. Siafiki. Usanisinuru si rahisi kuliko tungamo, nalo linaishi, kwa sababu linatajwa katika sayansi ya shule ya msingi, ambako Kiswahili kina hadhi ya kufundishia. Mtoto huyohuyo akivuka kwenda sekondari huliacha mlangoni na kuanza upya kwa lugha nyingine. Mpaka kati ya istilahi iliyo hai na iliyolala unafuata mstari wa sera, haufuati ugumu wa maneno.

Naomba nisieleweke vibaya. Hadhi haitengenezi istilahi nzuri. Ukitangaza leo kwamba kemia ifundishwe kwa Kiswahili bila vitabu na bila kuwaandaa walimu, kila mwalimu atajibunia yake, na baada ya miaka michache utakuwa na majina manne ya dhana moja. Robert Cooper aliongeza mwaka 1989 sehemu ya tatu katika mgawanyo wa Kloss, yaani kupanga namna watu watakavyojifunza lugha, na nadhani hapo ndipo penye pengo letu kubwa: maneno yalifika kwenye kamusi, hayakufika kwenye mitaala ya vyuo vya ualimu. Ninachokataa ni hoja inayosikika kila mjadala huu unapofufuka, kwamba tusubiri mpaka istilahi zitoshe. Haziwezi kutosha zikiwa kabatini, kwa kuwa kasoro ya istilahi, kama ile ya hewa ukaa, huonekana siku mtu anapoitumia kufanya kazi.

Jaribio jipya tunalo mbele yetu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, huku likiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapohitaji hivyo. Kabla ya hapo mahakama za mwanzo ziliendesha mashauri kwa Kiswahili, ila katika mahakama za ngazi za juu yake kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Safari hii, basi, hadhi imetangulia. Wanaotaka kulifuatilia jambo hili nawashauri watazame neno moja, dhamana. Humtoa mshtakiwa mahabusu, hulinda mkopo wa benki, na katika masoko ya fedha hutaja hati ambazo Serikali huuza ili ikope. Kortini, maana mbili za kwanza zinaweza kukutana ndani ya shauri moja. Wakili makini atatofautisha kwa maelezo, dhamana ya mshtakiwa na dhamana ya mkopo, na hakimu atamfuata au atatafuta neno lingine. Someni hukumu zinazoandikwa sasa kwa Kiswahili, mhesabu ni mara ngapi waandishi wake wanalazimika kufafanua, na wapi wanakimbilia neno la Kiingereza. Orodha hiyo ndiyo kazi ya BAKITA na ya wanasheria kwa miaka ijayo, na itakuwa orodha bora kuliko yoyote ambayo kamati ingeweza kuikisia kabla ya shauri la kwanza kusikilizwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali.