Hadhari Huondolewa New York, Si Kigali

Ndugu zangu, walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi. Wanivumilie, kwa sababu bado nakutana na wanasheria wanaoamini kwamba nchi ikishatunga sheria nyumbani, hadhari yake katika mkataba imekufa. Haifi hivyo, na Kongo ililijua hilo kwa uchungu.

Hadhari ni lile tamko ambalo nchi hulitoa inaporidhia mkataba au kujiunga nao, ikisema: kifungu hiki kisinibane. Mwaka 1975 Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Mauaji ya Kimbari, ikatamka kwamba haifungwi na kifungu cha 9. Kifungu hicho ndicho kinachoipa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, mamlaka ya kuamua migogoro inayotokana na mkataba huo. Uingereza iliandika mwaka huohuo kwamba haiikubali hadhari hiyo. Kongo, wakati huo Zaire, ilikuwa mwanachama tayari. Haikuandika kitu.

Mei 2002 Kongo ikaishtaki Rwanda The Hague kwa yaliyotendeka mashariki mwa nchi yake. Rwanda ikasimama nyuma ya hadhari yake. Kongo ikajibu: mbona mliifuta wenyewe? Ikaonyesha amri yenye nguvu ya sheria iliyotolewa Kigali tarehe 15 Februari 1995, iliyoondoa hadhari zote za Rwanda katika mikataba ya haki za binadamu. Ikaongeza kwamba Machi 2005 Waziri wa Sheria wa Rwanda alisema Geneva, mbele ya Tume ya Haki za Binadamu, kuwa hadhari zilizobaki zitaondolewa karibuni.

Tarehe 3 Februari 2006, kwa kura 15 dhidi ya 2, Mahakama ilisema haina mamlaka. Amri ile ilikuwa ya ndani ya Rwanda, na hakuna aliyemwarifu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndiye mtunza mkataba. Kuhusu waziri, kusema "tutaondoa karibuni" bila kutaja mkataba wala tarehe si kuondoa; tena maneno hayo yalitamkwa kesi ikiwa imekwisha kufunguliwa.

Mtaniambia huu ni urasimu uliowekwa juu ya makaburi ya watu. Hasira hiyo naielewa, hata mimi ninayo. Lakini jiulizeni: nchi zaidi ya 100 zimo katika mkataba mmoja, nani kati yao anasoma gazeti la serikali la Kigali? Ndiyo maana kuondoa hadhari kunatakiwa kuandikwe, na nguvu yake inaanza pale nchi nyingine inapopata taarifa. Ingekuwa vinginevyo, hata mshitakiwa angeweza kudai kwamba alishafuta au hakufuta, kadiri inavyomfaa.

Kongo ilikuwa na hoja ya pili: kwamba hadhari yenyewe ilikuwa batili. Tangu maoni ya Mahakama hiyo ya mwaka 1951, kipimo ni kwamba hadhari isipingane na lengo na madhumuni ya mkataba, na Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba ukakiandika kipimo hicho. Mahakama ikasema kifungu cha 9 kinahusu mahali pa kushtakiana tu. Wajibu wa kutoua unabaki palepale, kwa hiyo hadhari ni halali. Majaji watano waliandika kwamba jambo hilo halijiweki wazi kiasi hicho na linastahili kutazamwa upya. Mimi nipo nao. Haki usiyoweza kuidai popote ni haki gani?

Sasa pingamizi. Mahakama ilikumbusha kwamba Kongo haikupinga hadhari ilipowekwa, na wengi huishia hapo: "wangepinga tu!" Msiende haraka. Mkataba wa Vienna unaipa nchi miezi 12 tangu kuarifiwa, ikinyamaza, imekubali. Lakini ikipinga kwa namna ya kawaida, mkataba unaendelea kati ya nchi hizo mbili, isipokuwa mpingaji atamke wazi kwamba hataki uendelee. Na kile kifungu kilichowekewa hadhari hakitumiki kati yao kwa kiasi cha hadhari hiyo. Hesabuni wenyewe: Kongo ingepinga mwaka 1975, kifungu cha 9 bado kisingetumika kati yake na Rwanda. Kwa kifungu cha namna hii, kupinga na kunyamaza vinakufikisha karibu mahali pamoja.

Kwa hiyo nchi za Skandinavia zimezoea kuandika pingamizi kali zaidi: hadhari ni batili, na mkataba unakubana wote bila hadhari hiyo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua hivyo dhidi ya Uswisi katika kesi ya Belilos mwaka 1988. Nilitaka kulieleza hilo kwa urefu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Niwaambie tu Rwanda ilifanya nini baadaye. Desemba 2008 iliondoa hadhari yake ya kifungu cha 9, na safari hii ilimwarifu Katibu Mkuu.