Kutoka Kiswahili cha Goma hadi manukuu ya Kifaransa: kazi yako ya kwanza ya malipo

Jambo, wandugu. Leo tunafanya kazi moja tu: mtu amerekodi mahojiano kwa Kiswahili hapa Goma, anataka watu wa Kifaransa wayaelewe. Anatafuta wa kumwekea manukuu, yaani yale maandishi ya chini ya video. Kifaransa ulikipata shuleni, Kiswahili cha sokoni unacho tangu utoto. Mtafsiri wa mbali atakwama mama akianza kuongea haraka, na hapo ndipo wewe unapohitajika.

Kwanza, kompyuta. Pakua Subtitle Edit, programu ya kuandikia manukuu, ni ya bure, na ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti. Mtandao ukiwa mzuri, pakua pia VLC ya kuchezea video. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo zoea kubonyeza Ctrl+S kila baada ya sentensi mbili tatu.

Fungua video. Sikiliza yote mara moja bila kuandika chochote, ujue nani anaongea na wapi sauti inazama. Halafu rudi mwanzo.

Hapa ndipo wengi huharibu: wanatafsiri kila neno. Manukuu hayasomwi kama barua. Macho ya mtazamaji yako kwenye uso wa anayeongea, maandishi anayapitia haraka. Kwa Kifaransa, kikomo kinachotumika sana ni herufi 17 kwa sekunde, nafasi na alama zikihesabiwa. Mistari isizidi miwili, na kila mstari usipite herufi 42. Ndani ya Subtitle Edit nenda Options, kisha Settings, uweke 17 kwenye Max. chars/sec. Ukizidisha, programu itakuonyesha kwa rangi nyekundu.

Tuone mfano. Mama anayeuza samaki Kituku anasema: "Asubuhi nikifika Kituku, nakuta sambaza zimeshapanda bei, na mimi nitauza vipi?" Ameisema kwa sekunde nne. Nne mara 17 ni 68, basi nafasi yako ni herufi 68. Tafsiri ya moja kwa moja ni hii:

```
Le matin, quand j'arrive à Kituku, je trouve que les sambaza
ont déjà augmenté, et moi, comment je vais vendre ?
```

Imepita herufi 100. Hakuna atakayeimaliza. Sasa jiulize mama huyu analalamikia nini. Analalamikia bei. "Nikifika" na "nakuta" tunaona wenyewe, yuko pale sokoni, nyuma yake mitumbwi. Yaondoe:

```
1
00:00:12,400 --> 00:00:16,400
Le matin, à Kituku, les sambaza
ont déjà augmenté. Je fais comment ?
```

Herufi 67. Inapita. Tazama pia nilipokata mstari: "les sambaza" wamebaki pamoja, sikuacha "les" peke yake mwishoni. Na kwenye muda, kabla ya sehemu za sekunde ni koma. Ukiandika kwa mkono ukaweka nukta, baadhi ya programu zitakataa kusoma faili.

Ukimaliza, hifadhi kama SubRip (.srt), na kwenye usimbaji, yaani Encoding, chagua UTF-8. Ukichagua mwingine, é inaweza kufika kwa mteja imegeuka alama isiyosomeka, naye ataona umefanya kazi ya ovyo. Faili lipewe jina lilelile la video, uliweke kwenye folda moja nayo, kisha ufungue video kwa VLC. Zima sauti. Mwite mtu anayejua Kifaransa asiyejua Kiswahili, atazame. Akikuomba urudishe nyuma, hapo pana kosa, hata kama kila neno ni sahihi.

Bei. Kazi hii hulipwa kwa dakika ya video, si kwa saa ulizokaa. Kabla ya kutaja bei, omba dakika moja ya video hiyohiyo, uifanye, ujipime. Tuseme imekuchukua dakika 20. Video ya dakika 12 basi itakula saa nne, na kusahihisha ongeza saa moja. Amua saa tano zako zina thamani gani kwa dola, ugawe kwa 12, umepata bei ya dakika. Watu wakiongea kwa pamoja, au upepo wa ziwa ukiwa umeingia kwenye maikrofoni, bei ipande. Hiyo si tamaa.

Mkubaliane kwa ujumbe ulioandikwa, hata WhatsApp inatosha: dakika ngapi, lini unatoa, masahihisho mangapi yako ndani ya bei, na kama manukuu yatachomwa ndani ya video, yaani yawe sehemu ya picha yenyewe. Hilo la mwisho ni kazi ya pekee, lilipwe peke yake. Nusu ije kwanza kwa Airtel Money, Orange Money au M-Pesa. Mteja akibadilisha video baada ya wewe kumaliza, akikata hata sekunde tano mwanzoni, muda wote unahama. Andika kwamba unaanza baada ya video kukamilika kabisa, isiyobadilishwa tena.