Koreshi na wapanda farasi: aoristi na imperfekti katika Kigiriki cha kale

Karibuni tena. Leo tutakaa na sentensi moja tu ya Ksenofoni, kutoka kitabu cha tano cha kisa chake kuhusu malezi ya Koreshi wa Uajemi. Koreshi anajitetea mbele ya mjomba wake, anayenung'unika kwamba amenyang'anywa askari. Anamjibu: wewe mwenyewe uliniruhusu niwachukue watakaokubali. Kisha anasema: *epeithon autous, kai hous epeisa, toutous ekhōn eporeuomēn*. Yaani, nilikuwa nikiwabembeleza, na wale niliofaulu kuwashawishi nikaondoka nao.

Kitenzi ni kilekile, *peitho*, na muda ni uleule uliopita. Lakini *epeithon* ni imperfekti: inatuingiza ndani ya shughuli, Koreshi anapita kwa huyu na yule, na haisemi kama wamekubali. *Epeisa* ni aoristi: jambo limetazamwa zima, na matokeo yake yamo. Utetezi wote wa Koreshi umesimama hapo. Aliwaomba wote, akawachukua waliokubali peke yao.

Sasa tutazame umbo. *E-* ya mwanzoni, tuiite kiongezo, ipo kote kuwili, kwa hiyo haitusaidii kutofautisha; inasema tu kwamba jambo limepita. Kitenzi kikianza kwa irabu, irabu hiyo hurefushwa: *akouo*, nasikia, huwa *ēkousa*, nilisikia. Tofauti iko mbele zaidi. Imperfekti hushika shina la wakati uliopo, *peith-*, ikafuatwa na *-on, -es, -e, -omen, -ete, -on*. Aoristi hii huingiza *s*, ambayo huimeza *th*, halafu huja *-a, -as, -e, -amen, -ate, -an*. Angalieni nafsi ya tatu umoja: *epeithe*, *epeise*. Mwisho ni mmoja, na *s* ndiyo inayotuokoa.

Wanafunzi wengi hukariri hiyo *s* wakadhani wamemaliza. Halafu wanakutana na *leipo*, naacha. Imperfekti yake ni *eleipon*, na aoristi ni *elipon*: hakuna *s*, na miisho ni ileile ya imperfekti. Hapo msihangaike na miisho. Ondoeni kiongezo na mwisho, mtazame kilichobaki. *Leip-* ni shina la wakati uliopo, basi ni imperfekti. *Lip-* silo, basi ni aoristi.

Na tafadhali, aoristi si lazima iwe tendo la mara moja au la muda mfupi. Mimi naona maelezo hayo yamewapotosha wengi. Mgiriki husema *ebasileuse*, alitawala, kwa aoristi, hata kama mfalme alikaa miaka thelathini, mradi anauhesabu utawala huo kama kitu kimoja kilichokwisha. Akitaka kusimulia yaliyokuwa yakitokea ndani ya miaka hiyo, atasema *ebasileue*.