Deni moja, kazi tatu: ukaguzi, mapitio na taratibu zilizokubaliwa

Mhadhara kwa wanafunzi wa uhasibu, Lubumbashi

Hamjambo, wanafunzi. Leo sichori ubaoni lile jedwali la safu tatu, la ukaguzi, mapitio na taratibu zilizokubaliwa. Mtalikuta vitabuni, mtalikariri usiku wa kuamkia mtihani, na mkifika kazini litawaponyoka. Tuchukue kampuni moja ya kubuni na mstari mmoja wa hesabu zake, tuone mhasibu anaushughulikiaje kulingana na kazi aliyoitiwa.

Kampuni hiyo iko hapa Lubumbashi na inauzia migodi ya Kolwezi na Likasi vipuri vya mashine. Inataka mkopo wa banki. Mwaka 2023 iliuza mali ya dola 2,400,000, na tarehe 31 Desemba wateja walikuwa wanadaiwa dola 400,000. Mwaka 2024 mauzo yalipanda kidogo, yakafika 2,520,000, lakini madeni ya wateja yaliruka hadi 700,000. Huo ndio mstari wetu: laki saba za wateja.

Nianze na mapitio, kwa sababu hapo ndipo wengi huteleza. Kiwango chake ni ISRE 2400. Mhasibu anatumia zana mbili hasa: kuuliza watu wa kampuni, na kulinganisha tarakimu zenyewe kwa zenyewe. Haandikii wateja barua, hahesabu mali ya depo, hapimi kama mfumo wa ndani unafanya kazi. Basi alinganishe. Gawanya madeni kwa mauzo, zidisha kwa siku 365. Mwaka 2023 unapata siku 61. Mwaka 2024 unapata siku 101. Mauzo yameongezeka kwa asilimia 5, muda wa kulipwa umeongezeka kwa siku arobaini. Lazima aulize kwa nini.

Anamuuliza mkuu wa fedha, naye anajibu bila kusita: «Bwana, si unajua serikali ilifunga usafirishaji wa kobalti? Migodi haina pesa.» Jibu linaingia akilini, na kila mtu mjini hapa analijua jambo hilo. Mhasibu mvivu ataliandika kwenye karatasi zake za kazi na kwenda kula. Lakini angalieni tarehe. Kobalti ilisimamishwa kusafirishwa nje ya nchi mnamo Februari 2025. Hesabu zetu zimefungwa 31 Desemba 2024. Jambo la Februari haliwezi kueleza deni lililokuwa limeshavimba Desemba.

Sasa kazi inabadilika. Katika mapitio, ukishapata sababu ya kuamini kwamba huenda kuna kosa kubwa, huruhusiwi kubaki na maswali peke yake. Unaongeza taratibu mpaka uweze kusema ama kosa halielekei kuwapo, ama lipo. Mhasibu wetu anaomba faktire za wiki ya mwisho ya Desemba na hati za kupokelewa kwa mali, zile ambazo mwenye ghala wa mgodi hupiga muhuri na kuandika tarehe kwa mkono. Anakuta faktire za dola 180,000 zimeandikwa kati ya tarehe 28 na 30 Desemba, lakini mihuri yote ni ya Januari. Mali ilikuwa bado haijafika kwa mteja. Mauzo ya 2025 yameingizwa 2024.

Toeni hizo 180,000 kwenye deni na kwenye mauzo: deni linabaki 520,000, mauzo 2,340,000, na muda unashuka hadi siku 81. Bado ni mrefu kuliko 61. Kwa hiyo sehemu ya ucheleweshaji ni ya kweli, na bado ana swali la kumrudishia mkuu wa fedha.

Kampuni ikirekebisha, ripoti itasema kwa njia ya kukanusha: hakuna jambo lililotufikia la kutufanya tuamini kwamba hesabu hizi hazikuandaliwa kwa namna inayotakiwa. Ni uhakika, lakini wa kadiri. Kama zile siku 101 zisingeonekana, kwa mfano kwa sababu mteja mwingine alilipa deni kubwa wiki ileile, huenda kosa lingepita.

Mkaguzi kamili, yule wa viwango vya ISA, hangoji tarakimu zipige kelele. ISA 240 inamtaka aanze na dhana kwamba katika mapato kuna hatari ya udanganyifu, mpaka awe na sababu ya kuiondoa. Kwa hiyo kupima faktire za mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari kumo katika mpango wake tangu mwanzo. Anawaandikia pia wateja wathibitishe deni, na barua hizo anazituma mwenyewe, majibu yanarudi kwake moja kwa moja. Jibu lililoletwa mkononi na mhasibu wa kampuni, lenye muhuri mzuri na wino usiokauka, lisiwatulize. Na mteja akikubali kwamba anadaiwa, bado hajasema kwamba atalipa. Kwa hilo mkaguzi anatazama pesa zilizoingia banki baada ya mwaka kufungwa. Mwisho anatoa maoni kwa kauli ya moja kwa moja, akiwa na uhakika wa juu, ingawa si kamili.

Hapo mwanafunzi mmoja aliinua mkono: «Profesa, banki si idai ukaguzi tu, yaishe?»

Inaweza. Lakini ukaguzi ni ghali na huchukua muda, na pengine banki haina haja na hesabu nzima. Inataka kujua kuhusu faktire zitakazokuwa dhamana. Hapo ndipo taratibu zilizokubaliwa zinaingia, kwa kiwango cha ISRS 4400. Banki na kampuni wanaandika hatua, mhasibu anazitekeleza na kueleza alichokuta. Hatoi maoni, hatoi uhakika wowote. Maneno kama «tumeridhika» hayana nafasi katika ripoti hiyo.

Tuseme hatua iliyoandikwa ni hii: chukua faktire kumi kubwa kuliko zote kwenye orodha ya madeni, angalia kama kila moja ina hati ya kupokelewa yenye muhuri wa mteja. Mhasibu anafanya, anaandika: zote kumi zinazo. Ni kweli kabisa! Na zile za 28 Desemba zimo humo, zikiwa na mihuri ya Januari, kwa sababu hakuna aliyemwomba alinganishe tarehe. Ofisa wa mikopo anasoma «kumi kwa kumi» na kusikia «hesabu safi».

Kwa hiyo ustadi wa kazi hii uko kabla ya kusaini barua ya makubaliano. Ukiona hatua haifai kwa lengo la banki, sema hapo, iandikwe upya. Na kama ukiwa kazini umeziona zile tarehe, usijifanye hukuona. Zungumza na aliyekupa kazi, hatua ziongezwe.

Jambo moja la haraka. Ukaguzi na mapitio vinadai mhasibu awe huru na kampuni. ISRS 4400 yenyewe haidai hivyo, isipokuwa sharti hilo limewekwa kwingine, ila ripoti lazima iseme kama sharti hilo linamhusu mhasibu au la. Na sheria ya OHADA ikiilazimisha kampuni kuwa na komisere wa hesabu, mapitio ya bei nafuu hayachukui nafasi yake.

Kwa wiki ijayo, andikeni upya ile hatua ya banki katika sentensi zisizozidi tatu, ili wahasibu wawili wasiojuana wakiitekeleza wapate jibu lilelile, na mihuri ya Januari ionekane. Atakayeandika «angalia kama tarehe ni za kawaida» ataulizwa mbele ya wenzake: kawaida kwa nani?