Gemu ya bodaboda na MB zilizojificha

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Leo nawasimulia gemu yetu ya bodaboda, ile ambayo mtu alikuwa anaanza kuidownlodi akiona inavyomla bando anaghairi. Tunatumia Unity, simu za Android.

Kosa letu la kwanza, na nadhani wengi wenu mnalo, tulikaa siku mbili tunabana PNG. Unachukua picha ya MB 3 unaipitisha kwenye programu inashuka mpaka laki nane za baiti, unafurahi, unabildi, gemu saizi ile ile! Sababu Unity haipeleki PNG yako kwenye simu. Inaifungua, inaigeuza kuwa tekscha kwa fomati uliyochagua kwenye mipangilio ya picha, na hiyo ndo inayosafiri. Kwa hiyo usiangalie folda yako, fungua Editor.log ukishabildi, kuna ripoti inaorodhesha vitu kuanzia kizito kabisa.

Sisi kizito kilikuwa atlasi ya mtaani, yaani picha moja kubwa yenye nyumba, vibanda na mabango, pikseli 2048 kwa 2048. Mchoraji wetu aliona vitufe vina ukungu akazima ubanaji kwa picha zote, basi, kila pikseli baiti 4, piga hesabu inakuja MB 16 kwa picha moja. Kwenye kifurushi zip inapunguza kidogo lakini kwenye memori ya simu zinakaa zote 16, ndo maana simu za RAM ndogo zilikuwa zinatutupa nje.

Dawa ni fomati ya ASTC. Yenyewe inakata picha vipande vipande, na kila kipande kinachukua baiti 16 kiwe kikubwa kiwe kidogo. Ukichagua kipande cha pikseli 4x4 atlasi yetu inakuwa MB 4, ukichagua 6x6 inakuwa kama MB 1.8, 8x8 inabaki MB 1. Sasa usiende ukapiga 8x8 kila mahali kwa tamaa. Mawingu na barabara 8x8 huoni kitu, ila maandishi yanaota manyoya pembeni, vitufe navyo viache 4x4. Kumbe tulitakiwa tutenganishe atlasi ya vitufe na ya mtaa toka mwanzo, halafu uangalie kwenye simu yenyewe, sio kwenye monita ya ofisini. Simu za zamani sana hazina ASTC, hizo zinatumia ETC2.

Sauti nayo, wimbo wa dakika 3 wa WAV stereo ni kama MB 32, ukiuweka Vorbis ya kilobiti 96 kwa sekunde unabaki na MB 2 na kidogo. Ila mpe Unity ile WAV, usimpe MP3, maana anaibana upya na ubora unakatwa mara mbili. Honi na breki ziwe mono, nani anasikiliza honi kwa stereo kwenye spika moja ya simu? Hapo saizi inaenda nusu.

Kilichobaki ni kutopeleka kila kitu siku ya kwanza. Play Asset Delivery ina njia tatu: pakiti inayokuja na gemu, inayofuata yenyewe baada ya kuinstoli, na ile inayokuja ukiiomba. Mitaa mitatu ya kwanza tuliiacha ndani, wa nne kuendelea tukaiweka ya kuomba, na tunaiomba mchezaji akiwa mtaa wa tatu, asije akafika mlangoni ndo aanze kusubiri.

Hapa tulichemka. Bildi ya kwanza haikupungua hata kidogo, kwa sababu scene moja ya ndani ilikuwa bado inagusa bango la mtaa wa nne, Unity ikalibeba bango mara mbili, ndani na kwenye pakiti. Na kitu chochote ulichokisahau kwenye folda la Resources kinaenda hata kama hakitumiki. Tena ni Editor.log iliyotuonyesha.

Kujaribu mezani ni hivi:

```
bundletool build-apks --bundle=boda.aab --output=boda.apks --local-testing
bundletool install-apks --apks=boda.apks
```

Lakini jihadharini, hapo pakiti inachukuliwa kutoka kwenye simu yenyewe, inafika fasta, kwa hiyo kila kitu kitaonekana kizuri. Mtandao ukikatika katikati huwezi kuona hapo. Sisi tulipanda kwenye internal testing ya Play, tukaanza kudownlodi mtaa wa nne halafu tukazima data kwa makusudi, skrini ikaganda na duara linazunguka, hakuna kitufe cha kurudi wala cha kujaribu tena. Tukaongeza vyote viwili, na mchezaji anaweza kurudia mtaa wa tatu huku anasubiri.

Maswali? Dada uliyekaa karibu na feni, anza wewe.