Kupanga bei ya picha za harusi: Dar hadi Morogoro, hesabu yote mezani

Dogo, inarekodi? Taa nyekundu inawaka? Haya. Wapiga picha wenzangu, shikamooni mliotutangulia, na wengine mambo vipi. Leo hatupigi picha. Leo tuna kalamu, daftari na kompyuta, tunaandika profoma ya harusi moja mbele yenu, mwanzo hadi mwisho. Anayetaka hii karatasi ya Excel ikiwa tayari naiuza 10,000, ila ukitulia ukaangalia video yote utaitengeneza mwenyewe na hiyo elfu kumi ukanywee supu.

Kazi yenyewe ni hii. Harusi iko Morogoro mjini, Jumamosi. Mimi niko Tabata. Maharusi wanataka picha tu, video wana mtu wao. Naanzia saluni saa 4 asubuhi, kanisani, bustanini, ukumbini, natoka saa 6 usiku. Wanataka picha 450 zilizoeditiwa. Albamu nimeitoa makusudi, ile huwa naiandikia karatasi yake, maana bei ya kuchapa ni ya maabara, siyo yangu.

Tuanze na saa. Ukimwuliza kijana anayeanza, atakwambia kazi hii ni ya saa 14, kwa sababu ndizo anazoziona. Andika na hizi. Kikao na maharusi, saa 2. Kuchaji betri, kufuta memori kadi, kusafisha lenzi kabla na baada, saa 2. Barabarani kwenda na kurudi, saa 8. Najua kuna watu wataniambia Morogoro wanafika kwa saa tatu, hongereni, mimi Kibaha na malori ya Chalinze tunajuana. Halafu kuediti.

Kuediti tusimame kidogo. Kwa saa 14 mimi narudi na picha kama 2,400. Kuchambua, yaani kutupa waliofumba macho na shangazi aliyepita mbele ya kamera, nakwenda picha 800 kwa saa, kwa hiyo saa 3. Zile 450 zinazobaki, kila moja dakika 2, ni dakika 900, saa 15. Usiniambie unatumia sekunde 30, weka saa ya simu mezani siku moja ujipime, utashangaa. Kisha kuhifadhi nakala mbili, kupakia, na yale marekebisho ya "naomba unipunguze tumbo", saa 4. Jumla ya kuediti, saa 22. Umeona? Kiti cha nyumbani kimekula saa nyingi kuliko harusi yenyewe.

Jumlisha: 14, na 8, na 22, na 2, na 2. Saa 48.

Saa moja ni shilingi ngapi? Mimi nahitaji milioni moja ya kuishi kwa mwezi, na laki tano ya kodi ya chumba cha kazi, umeme, intaneti na leseni. Milioni moja na nusu. Kwa mwezi nafanya kazi kama saa 150. Gawanya, ni 10,000 kwa saa. Yako itakuwa tofauti, usikopi yangu. Mara 48, tunapata 480,000. Andika.

Subirini, bajaji ya jirani ina honi kama meli. Haya, imepita.

Uchakavu wa vifaa. Hapa wengi wanaandika "vifaa 50,000" basi, kwa kukisia. Chukua bodi ya kamera. Hii yangu nilinunua 5,000,000, siku nikiichoka nitaiuza kama laki tano. Kwa hiyo itakufa nayo milioni nne na nusu. Shata yake mtengenezaji ameikadiria mibofyo 150,000. Haina maana kwamba ikifika hapo inazima, nimeona zinazopita mbali na nimeona iliyokufa mapema, lakini ni namba ya kuhesabia. 4,500,000 gawa kwa 150,000, kila unapobofya ni shilingi 30. Mara 2,400 ni 72,000. Ndiyo maana dogo akishika kamera yangu na kuweka ile hali ya tatatatata mtu anakata keki, mimi nasikia hela zinadondoka. Dogo usicheke, shika kamera vizuri.

Lenzi, flashi, kompyuta, betri na kadi hazina shata ya kuhesabu. Hizo zangu jumla ni milioni tisa, nazipa miaka mitatu, na kwa mwaka napiga harusi 30. Harusi 90. Inakuja laki moja kwa harusi. Jumla ya vifaa ni 172,000.

Usafiri haraka haraka. Kwenda na kurudi pamoja na kuzunguka mjini naweka kilomita 400. Gari langu linakwenda kilomita 10 kwa lita, kwa hiyo lita 40, na lita nimeiweka 3,000 kwa urahisi wa hesabu. Siku unayoandika yako angalia bei ya kituoni. Ni 120,000. Vyumba viwili vya kulala 80,000, kwa sababu saa sita usiku baada ya saa 14 za kusimama sirudi Dar, sibishani na mtu kwenye hilo. Chakula chetu wawili 40,000. Tangu 2024 treni ya SGR inakufikisha Morogoro chini ya saa mbili, na kama ningekuwa peke yangu na begi moja ningepanda hiyo. Lakini stendi za taa, mwamvuli, betri kubwa, halafu stesheni hadi saluni, saluni hadi kanisani... gari.

Msaidizi. Hapa Dar namlipa 80,000. Morogoro anapoteza siku mbili, 150,000. Huyu anashika taa na kulinda begi. Msaidizi wako akiwa naye anapiga picha, bei yake haiishii kwenye malipo yake, maana picha zake zote zinakuja kwenye kompyuta yako kuchambuliwa. Akileta 1,600, hizo ni saa mbili zako.

Sasa tuingize kwenye Excel. Dogo sogea, waonyeshe kioo. B1 saa, B2 vifaa, B3 usafiri, B4 msaidizi.

```
B5:  =SUM(B1:B4)
B6:  =B5/0.8
```

Bonyeza Enter. B5 inasema 1,042,000. Eeh... hapana. Kwenye daftari nilipata 1,102,000 jana usiku. Dogo usikate, acha waone. Sitini elfu imekwenda wapi? Saa 480,000, sawa. Vifaa 172,000, sawa. Usafiri nimeandika 240,000... mafuta, vyumba, chakula... Aah! Gari lenyewe! Nimehesabu mafuta nikasahau matairi na sevisi. Mimi naweka shilingi 150 kwa kila kilomita, mara 400 ni 60,000. Ndiyo hiyo. B3 inakuwa 300,000. Ndiyo maana nafanya daftarini kwanza, Excel inajumlisha ulichoandika, haijui ulichosahau.

B5 sasa ni 1,102,000. Hii siyo bei. Hii ni gharama. Ukimtumia mteja hii, umekwenda Morogoro kutembea.

Sasa njooni karibu, hapa ndipo nilipoumia. Nataka asilimia 20 ya bei ibaki juu ya gharama: ndiyo inayobeba kodi ya serikali, flashi itakayodondoka, na mteja atakayechelewesha. Angalia B6. Nime-GAWA kwa 0.8. Sijazidisha kwa 1.2. Narudia, gawa kwa 0.8.

Watu wanaona ni kitu kimoja. Zidisha: 1,102,000 mara 1.2 ni 1,322,400. Gawa: 1,377,500. Sasa subiri kamati ya harusi ikuite. Mwenyekiti mwenyewe, na mhazini pembeni: "Kijana wetu, michango haijakaa vizuri, tupunguzie asilimia ishirini." Wewe moyoni unasema si niliongeza ishirini, natoa ishirini, tunakuwa sawa. Asilimia 20 ya 1,322,400 ukiitoa, inabaki 1,057,920. Umeshuka chini ya gharama kwa 44,080! Umewalipa wao uwapige picha. Mimi nilifanya hivyo, msimu mzima wa Desemba, harusi baada ya harusi, nikawa najiuliza kwa nini nina kazi nyingi na sina hela ya betri. Ile ya kugawa ukitoa asilimia 20 inarudi 1,102,000 kamili, hata shilingi haijapotea. Gawa kwa 0.8. Dogo, niandikie hiyo kwenye video kwa herufi kubwa.

Naandika 1,380,000.

Kamati ikikuomba punguzo, usitoe hela, toa kazi. Na siyo kazi yoyote. Waambie, "Baba, tukitoka picha 450 tukaenda 300?" Picha 150 pungufu ni dakika 300, saa 5, gharama 50,000. Gawa kwa 0.8, ni 62,500 unayoweza kuwashushia na asilimia yako haijaguswa. Wengi wanakubali, maana hakuna anayekaa akatazama picha 450, hata bibi harusi. Hilo ni langu, msiniletee maneno.

Bado mstari mmoja wa chini, saa ya ziada. Ratiba inasema saa 6 usiku, lakini emsii anaita ukoo wa tatu kuja kutoa zawadi. Saa moja ya ziada ni nini? Ni picha kama 170, ambazo 32 zitakwenda kwa mteja, dakika 64 za kuediti na kama 13 za kuchambua. Kwa hiyo saa moja ya ukumbini ni zaidi ya saa mbili zako, kama 23,000. Shata 5,000, msaidizi 5,000. Jumla 33,000, gawa kwa... semeni wenyewe. 41,250. Mimi naandika 45,000 kwa saa, na naandika jina la atakayeidhinisha usiku huo, kwa sababu saa sita usiku kila mtu ukumbini anakwambia "endelea tu" na Jumatatu hakuna aliyesema.

Advansi nusu, 690,000, ndipo tarehe inafungwa. Nusu ya pili kabla sijaingia ukumbini, siyo baada ya kukabidhi picha. Sasa naihifadhi PDF, naituma kwa mhazini na... dogo, betri ya kamera yako ina asilimia ngapi? Mbili? Na ndiyo tulikuwa tunaongea kuchaji bet—