Akaunti Mpya ya Benki Kwenye Ankara ya Zamani

REHEMA: Karibu msikilizaji. Mimi ni Rehema, niko na kaka Juma, ambaye kazi yake ya kila siku ni kukagua malipo ya kampuni kabla fedha hazijatoka. Leo tunazungumzia ule ujumbe unaosema, "Tafadhali, kuanzia sasa tulipeni kwenye akaunti hii mpya."

JUMA: Asante, dada Rehema. Nitaanza na jambo linalowaponza watu wengi makini. Wamefundishwa kuangalia anwani ya aliyetuma barua pepe. Wanaangalia, wanakuta ni anwani halali ya msambazaji wao, wanalipa. Na fedha zinakwenda kwa tapeli.

REHEMA: Inakuwaje anwani iwe halali na ujumbe uwe wa tapeli?

JUMA: Kwa sababu tapeli yumo ndani ya sanduku la barua pepe la msambazaji. Chukua mfano wa kampuni inayonunua maboksi ya kufungashia bidhaa. Ofisa mauzo wa kule kwa msambazaji alibofya kiungo, ukafunguka ukurasa unaofanana na wa kuingilia barua pepe, akaandika nenosiri lake. Basi. Tapeli akaingia, na hakugusa kitu. Alikaa akisoma tu: nani anadaiwa, nani analipa, ankara zinatoka lini, wanaandikianaje.

REHEMA: Anajua hata kwamba wanaitana "ndugu yangu" na wanaulizana habari za watoto.

JUMA: Hayo yote anayo. Kisha anaweka kanuni ndani ya sanduku lile: barua yoyote itakayotoka kwa mteja huyu isionekane mbele, ihamishiwe kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Kwenye Outlook, folda inayotumiwa sana kwa kazi hiyo ni `RSS Feeds`. Kwa hiyo ofisa mauzo yuko mezani kwake, mteja anaandika, yeye haoni chochote.

REHEMA: Na mteja anadhani anazungumza naye.

JUMA: Ndiyo. Jumanne ankara halisi inatumwa. Alhamisi inakuja barua nyingine, chini ya mazungumzo yaleyale: "Samahani, akaunti yetu inafanyiwa ukaguzi, tumeambatisha ankara iliyorekebishwa." Namba ya ankara ileile, nembo ileile, kiasi kilekile. Kilichobadilika ni mistari miwili ya benki. Mhasibu ana wasiwasi kidogo, anajibu, "Mbona mmebadilisha benki?" Baada ya dakika chache anapata maelezo mazuri, yenye adabu. Anatulia.

REHEMA: Lakini aliyemjibu ni tapeli.

JUMA: Ndiye huyohuyo. Kuuliza kwa kujibu barua ileile ni kumuuliza mwizi kama ameiba. Mhasibu akaongeza tahadhari nyingine: alituma kiasi kidogo cha majaribio, akaomba wathibitishe kimefika. Jibu likaja, "Tumepokea, asante." Kweli kimepokelewa, ila mpokeaji ni nani? Malipo ya majaribio yanaonyesha kwamba akaunti ipo na inapokea fedha. Hayaonyeshi ni ya nani.

REHEMA: Hapo ningependa tukae kidogo, maana wengi tunaamini jaribio hilo. Je, jina la mwenye akaunti? Likilingana na la msambazaji, si tunaweza kulipa?

JUMA: Jina lisipolingana, simamisha malipo papo hapo. Ukiona jina la mtu binafsi wakati unailipa kampuni, au akaunti iko nchi ambayo msambazaji wako hana shughuli, hiyo ni dalili nzito. Lakini likilingana, bado hujafika. Kwanza, benki nyingi zinapitisha malipo kwa namba ya akaunti, na jina unaloandika huenda lisilinganishwe na chochote. Pili, jina linaweza kusajiliwa. Kuna kesi ya Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania. Alisajili kampuni Latvia kwa jina la Quanta Computer, kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiziuzia vifaa Google na Facebook. Akafungua akaunti kwa jina hilo, akatuma ankara za kughushi. Kati ya 2013 na 2015 kampuni hizo mbili zililipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa Marekani mwaka 2019, kifungo cha miaka 5.

REHEMA: Zile ni kampuni zenye wahasibu kila kona. Sasa sisi wengine tushike nini?

JUMA: Simu. Unaipiga wewe, kwa namba uliyokuwa nayo kabla ujumbe huo haujaja: iliyo kwenye mkataba, au kwenye ankara ya mwaka jana. Usitumie iliyo kwenye ankara mpya, kwa sababu tapeli hubadilisha namba ya simu pale chini pamoja na benki. Na tazama nyuma kidogo. Wengine hutanguliza ujumbe wiki moja kabla: "Tumebadilisha namba za simu." Ukiisha kuihifadhi, umekwisha kutegwa.

REHEMA: Na wao wakinipigia kuthibitisha?

JUMA: Simu iliyoingia haihesabiki. Shukuru, kata, kisha piga mwenyewe. Halafu, dada, usimsomee namba ya akaunti aseme "ndiyo, ndiyo". Mtu mwenye haraka anaitikia tu. Mwache yeye akusomee, nawe ulinganishe tarakimu kwa tarakimu.

REHEMA: Mpangaji naye? Mwenye nyumba wangu akinitumia ujumbe kwamba kodi ya mwezi huu iende akaunti nyingine, naona vibaya kumhoji mzee wa watu.

JUMA: Mpigie kwa heshima: "Shikamoo mzee, nimeona ujumbe wa akaunti, nimeona nikuulize kabla sijatuma." Hakuna mwenye nyumba wa kweli atakayechukia, maana kodi ikipotea na yeye haipati. Kama nyumba iko chini ya wakala, muulize na mwenye nyumba pia, kwa sababu sanduku la wakala likivamiwa, wapangaji wote wanapata ujumbe uleule. Wala usitulie kwa kuwa jirani naye ameupata.

REHEMA: Na kama mtu ameshalipa?

JUMA: Apige simu benki yake saa hiyohiyo, aombe kitengo cha utapeli, aseme waziwazi kwamba malipo ni ya udanganyifu na anaomba yarudishwe. Benki yake itawasiliana na benki iliyopokea ili wazuie salio. Fedha hizi huhamishwa au kutolewa haraka, kwa hiyo asikae akisubiri barua rasmi ya bosi. Kisha polisi.

REHEMA: Msambazaji aambiwe?

JUMA: Aambiwe kwa simu. Ukimwandikia barua pepe, wa kwanza kuisoma ni tapeli. Na msambazaji asiridhike kwa kubadilisha nenosiri peke yake. Aondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti ile, awashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha afungue orodha ya kanuni za barua na kufuta asiyoijua. Kanuni ile inabaki hata nenosiri likibadilika. Kama ilikuwa inapeleka nakala nje, tapeli ataendelea kusoma. Na awapigie wateja wake wengine wote wenye ankara ambazo hazijalipwa, kwa sababu tapeli amezisoma hizo pia.